Kazi ya Mishahara Ibaki Ndani au Ikabidhiwe Kampuni ya Nje? Mwongozo kwa Mwajiri Anayekua

Kampuni yenye wafanyakazi saba huandaa mishahara kwa mchana mmoja, na mara nyingi anayeiandaa ni mkurugenzi mwenyewe. Ikifika wafanyakazi 30 au 60, kazi hiyohiyo humla mhasibu wiki nzima, barua za kukumbusha michango huanza kuingia, na siku moja mtu hupendekeza kwamba shughuli yote ikabidhiwe kampuni ya nje inayoandaa mishahara kwa ada. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuamua jambo hilo kwa mwajiri wa sekta binafsi Tanzania Bara. Mfano utakaofuatwa ni wa kubuni: kampuni inayoendesha kituo cha afya Mwanza, ambayo imetoka wafanyakazi 18 hadi 64 na ina zamu za usiku. Nimechagua kituo cha afya kwa makusudi, kwa sababu zamu hufichua upesi mahali kazi ya mishahara inapokwama.

Hoja yangu ni kwamba wengi huanza na bei kwa kila mfanyakazi, ilhali swali la kwanza linapaswa kuwa makosa yao yanazaliwa wapi. Kazi ya mishahara ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kukusanya yaliyotokea mwezini: nani ameajiriwa, nani ameacha, nani alifanya kazi usiku, nani alichukua mkopo wa mshahara. Nusu ya pili ni kukokotoa, kuwasilisha ritani na kulipa. Kampuni ya nje huchukua nusu ya pili tu, na nusu ya kwanza hubaki kwako hata ulipe ada ya namna gani.

Hatua ya kwanza: hakikisha mnazungumzia kitu kimoja

Kabla ya kuomba bei, tenganisha huduma tatu ambazo wauzaji huzichanganya. Ya kwanza ni programu ya mishahara: unalipia leseni, lakini mtu wako ndiye anayeingiza taarifa, anayekokotoa na anayewasilisha. Ya pili ni uandaaji wa mishahara unaofanywa na kampuni ya nje: wewe unatuma taarifa za mwezi, wao wanarudisha hati za mshahara, faili la benki na ritani. Ya tatu ni wakala wa ajira, anayehusika na kutafuta na kuleta wafanyakazi wenyewe. Hiyo ya tatu ni jambo jingine kabisa lenye kanuni zake za leseni, na haijibu swali letu. Mwongozo huu unalinganisha ya pili na kuiendesha kazi ndani, iwe kwa programu au kwa Excel.

Tenganisha pia kazi na wajibu. Sheria humtambua mwajiri. Ikiwa PAYE haikulipwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, TRA itakudai wewe, hata kama mkataba unasema kampuni ya nje ndiyo ingewasilisha. Unaweza kuidai fidia kampuni hiyo baadaye, lakini deni mbele ya mamlaka ni lako. Hali ni hiyohiyo kwa NSSF, kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) na kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB).

Hatua ya pili: andika makosa ya miezi sita kwa chanzo chake

Hii ndiyo hatua inayorukwa, nayo ndiyo inayoamua mengi. Kaa na mhasibu na ofisa rasilimali watu, mkiwa na hati za mshahara za miezi sita iliyopita, barua za malalamiko, marekebisho yaliyofanywa na taarifa zozote za faini. Kila kosa liandikwe katika mstari wake, pamoja na tarehe lilipogunduliwa, aliyeligundua, na chanzo chake. Chanzo kiwe kimoja kati ya vinne: taarifa haikufika au ilichelewa, taarifa ilifika ikiwa na kosa, taarifa ilikuwa sahihi lakini hesabu ilikosewa, hesabu ilikuwa sahihi lakini ritani au malipo yalichelewa.

Usikubali chanzo kiandikwe kama “uzembe” au “mfumo”. Maneno hayo hayakuonyeshi pa kurekebisha. Muuguzi akilalamika kwamba saa zake za ziada hazikulipwa, uliza kama saa hizo zilikuwa kwenye karatasi ya zamu, kama karatasi ilisainiwa, ilifika kwa mhasibu tarehe gani, na kama mhasibu aliiingiza. Jibu litaangukia katika moja ya makundi manne.

Angalia pia ni nani aliyeligundua kosa. Kosa lililogunduliwa na mhasibu kabla ya malipo ni dalili kwamba ukaguzi unafanya kazi. Kosa lililogunduliwa na mfanyakazi baada ya kulipwa ni dalili kwamba hakuna aliyekagua. Kosa ambalo mfanyakazi alilikuta kwenye taarifa zake za NSSF baada ya miezi mingi ni zito kuliko yote, maana linaonyesha kwamba makato yalitoka mfukoni mwake lakini hakuna aliyehakikisha kama yalifika.

Tuseme kituo chetu cha Mwanza kimepata makosa 31 kwa miezi sita. Kati ya hayo, 22 yalitokana na karatasi za zamu zilizochelewa au zenye saa zisizo sahihi. Matano yalihusu waajiriwa wapya: mmoja hakuwa na namba ya NSSF, wengine walikuwa na mkopo wa elimu ya juu ambao haukutajwa. Matatu yalikuwa ya hesabu. Moja lilikuwa SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi, iliyolipwa baada ya tarehe. Kampuni ya nje ingeweza kuzuia manne ya mwisho. Yale 27 ya kwanza yangeendelea, tena yangekuwa magumu zaidi kuyarekebisha, kwa sababu kila swali lingehitaji barua pepe kwa mtu asiyemjua muuguzi wala zamu yake.

Hatua ya tatu: kokotoa mshahara mmoja kwa mkono

Mkurugenzi anayeamua jambo hili anapaswa kuwa amekokotoa walau mshahara mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Haichukui hata saa moja, na humwonyesha ugumu ulipo.

Mchukue muuguzi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 700,000 na posho ya nyumba ya shilingi 100,000, ambaye mwezi huu alifanya saa 80 za usiku na saa 12 za ziada za mchana. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mshahara wa saa hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 ili kupata wa wiki, kisha kugawa kwa saa za kawaida za wiki, ambazo hapa ni 45. Jibu ni shilingi 3,590 kwa saa. Saa za usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa, kwa hiyo saa 80 zinampa shilingi 14,360. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na saa 12 zinampa shilingi 64,620. Mshahara ghafi unakuwa shilingi 878,980.

Mchango wake wa NSSF wa asilimia 10 ni shilingi 87,898, na huo hutolewa kabla ya kodi. Kinachobaki kwa ajili ya kodi ni shilingi 791,082. Katika viwango vya PAYE vilivyoanza Julai 2021, kiasi hicho kimo kwenye kundi la kuanzia 760,000 hadi 1,000,000, ambalo hutozwa shilingi 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Kodi inakuwa shilingi 75,771. Kwa kuwa alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inastahili asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani shilingi 105,000. Anabaki na shilingi 610,311 mkononi.

Sasa itazame hesabu hiyo upya. Viwango vyote vimeandikwa, na programu yoyote ya kawaida itavikokotoa kwa nukta ya sekunde. Kuna tarakimu mbili tu ambazo hakuna programu wala kampuni ya nje inayoweza kuzijua yenyewe: 80 na 12. Karatasi ya zamu ikionyesha saa 60 badala ya 80, hati ya mshahara itatoka safi, ikiwa na hesabu sahihi kabisa ya jambo ambalo halikutokea. Vivyo hivyo mkopo wa elimu ya juu: mwajiri anatakiwa kuiarifu Bodi ndani ya siku 28 anapoajiri mhitimu, na anayejua kwamba mhitimu ameajiriwa ni ofisa wako wa rasilimali watu.

Ikiwa wafanyakazi wako wote wana mshahara usiobadilika, hawana zamu na huajiri watu wawili kwa mwaka, nusu ya kwanza ya kazi ni ndogo sana, na hoja ya kukabidhi nusu ya pili hupata nguvu. Ofisi ya ushauri yenye watu 40 inaweza kukabidhi kazi hii kwa amani. Kituo cha afya, kiwanda chenye vibarua au kampuni ya ulinzi haviko katika hali hiyo.

Hatua ya nne: hesabu gharama halisi za pande zote mbili

Kosa la kawaida hapa ni kulinganisha ada ya kampuni ya nje na mshahara wote wa mhasibu, kana kwamba mhasibu ataondoka. Hataondoka. Linganisha siku zake.

Mhasibu wa kituo analipwa shilingi 1,400,000. Ongeza anachokugharimu juu ya hapo: mchango wa mwajiri wa NSSF wa asilimia 10, WCF wa asilimia 0.5, na SDL, ambayo hapa nimeihesabu kwa asilimia 3.5 iliyoanza Julai 2023. Jumla ni shilingi 1,596,000 kwa mwezi, ambayo kwa siku 26 za kazi ni takriban shilingi 61,400 kwa siku. Mishahara humchukua siku sita, sawa na takriban shilingi 368,000. Ofisa rasilimali watu anayelipwa shilingi 900,000 hutumia siku nne kukusanya zamu na likizo, sawa na takriban shilingi 158,000. Leseni ya programu ni shilingi 120,000. Kuendesha kazi ndani kunagharimu takriban shilingi 646,000 kwa mwezi.

Kampuni ya nje imetaja shilingi 9,000 kwa mfanyakazi. Kwa watu 64 ni shilingi 576,000, na mkurugenzi anaona ameokoa shilingi 70,000. Lakini juu ya ada kuna VAT ya asilimia 18. Kampuni inayouza bidhaa zenye VAT inaweza kuirudisha kodi hiyo katika ritani yake. Huduma za afya zimesamehewa VAT, kwa hiyo kituo hakiwezi kuirudisha na ni gharama kamili. Ada inakuwa shilingi 679,680. Kuna pia kodi ya zuio ya asilimia 5 ya ada, ambayo kituo kitamkata mtoa huduma na kuiwasilisha TRA. Hiyo haiongezi gharama, ila ni kazi moja zaidi ya mwezi.

Kisha hesabu siku zinazobaki. Ofisa rasilimali watu atatumia siku zake nne kama zamani, kwa sababu zamu hazijikusanyi. Mhasibu naye atapunguza siku sita hadi mbili na nusu: kutuma taarifa, kukagua kilichorudi, kulipa, kujibu maswali. Siku hizo ni takriban shilingi 153,000. Jumla ya kukabidhi ni takriban shilingi 991,000 kwa mwezi, dhidi ya 646,000. Kituo kingelipa shilingi 345,000 zaidi kila mwezi ili kuzuia makosa manne kwa nusu mwaka.

Tofauti hiyo haimaanishi kwamba kukabidhi ni ghali kwa kila kampuni. Badilisha namba mbili tu na jibu linageuka: kampuni inayorudisha VAT yake na ambayo mhasibu wake hutumia siku 12 kwa sababu anatumia Excel yenye fomula zilizovunjika, itakuta pande mbili ziko karibu sana. Hapo, hata hivyo, ningeuliza kwanza kama programu ya shilingi 120,000 isingetosha kuondoa siku sita kati ya hizo 12.

Omba bei iliyoandikwa kwa kina. Ada ya kuanzisha huduma, malipo nje ya mzunguko wa kawaida, hesabu za mafao ya anayeacha kazi na marekebisho yanayotokana na kosa lako mara nyingi hutozwa kando. Kituo kinachobadilisha wauguzi mara kwa mara kitayahitaji yote.

Hatua ya tano: pima hatari ya mtu mmoja

Hadi hapa hesabu inaelekea kubakiza kazi ndani, na kwa kampuni nyingi zenye zamu ndivyo inavyotokea. Lakini kuna hatari mbili za ndani ambazo hazionekani kwenye gharama za mwezi.

Ya kwanza ni kwamba anayeijua kazi ni mmoja. Akiugua tarehe 24, hakuna mshahara tarehe 28, wala ritani tarehe 7. Kipimo ni rahisi: mwambie mtu wa pili aandae mishahara ya mwezi mmoja akiwa na maelekezo yaliyoandikwa, mhasibu akiwa likizo na simu yake imezimwa. Akishindwa, huna mfumo wa mishahara, una mtu. Dawa yake ndani ya kampuni ni mtu wa pili kuiandaa mara moja kila robo mwaka. Ikiwa kampuni haina mtu wa pili anayeweza kufundishwa, hoja ya kukabidhi inakuwa na uzito ambao shilingi 345,000 haziwezi kuushinda.

Ya pili ni wafanyakazi hewa na malipo yasiyostahili. Jina la uongo huingia kwa urahisi pale mtu yuleyule anapoongeza majina, anapokokotoa na anapoandaa faili la benki. Tenganisha: anayeongeza jina awe rasilimali watu, anayekokotoa awe mhasibu, anayeidhinisha benki awe mkurugenzi. Kila mwezi, kabla ya kuidhinisha, mkurugenzi apate ukurasa mmoja: idadi ya majina mwezi uliopita, walioingia, walioondoka, idadi ya sasa, na kila mtu ambaye malipo yake yamebadilika kwa zaidi ya asilimia 10. Aangalie pia kama kuna akaunti moja ya benki inayopokea mishahara ya majina mawili. Kampuni ya nje haikuondolei ukaguzi huu. Ukituma jina hewa, watalilipa hilo jina kwa usahihi mkubwa.

Sababu moja husemwa kwa sauti ya chini: wakurugenzi hawataki mhasibu ajue mishahara ya wakuu. Katika ofisi ndogo jambo hilo lina maana, ila halihitaji kukabidhi watu 64. Waweza kukabidhi orodha ya wakuu watano tu kwa kampuni ya nje, na orodha nyingine ikabaki ndani. Hakikisha tu kwamba jumla za orodha zote mbili zinaunganishwa kabla ya kuwasilisha PAYE na SDL.

Hatua ya sita: wahoji watoa huduma kwa mambo yanayopimika

Ukiona bado kuna hoja ya kukabidhi, usiwaulize kama wana uzoefu. Waombe wakuonyeshe walivyoshughulikia mwezi wa Julai. Viwango vya makato hubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, ambayo kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai. Mwaka 2021 peke yake, kiwango cha chini cha PAYE kilishuka kutoka asilimia 9 hadi 8, na SDL ikaanza kuwahusu waajiri wenye wafanyakazi kuanzia 10 badala ya wanne. Mtoa huduma mzuri ataeleza ni nani hubadilisha viwango kwenye programu, nani humkagua, na wateja hupewa taarifa lini. Asiye na jibu atakuandalia Julai kwa viwango vya Juni. Swali hilohilo muulize mhasibu wako.

Mpe pia yule muuguzi wa hatua ya tatu, bila majibu, na umtake akurudishie hesabu yenye kila mstari. Akikurudishia shilingi 610,311 bila kuonyesha alivyopata 3,590, huwezi kujua kama anazifahamu sheria za kazi au programu yake imebahatisha. Wengine hugawa mshahara kwa siku 30 au 26 wanapotafuta malipo ya saa, na kosa hilo huonekana kwenye mstari, si kwenye jumla.

Katika mkataba, mambo manne yasiachwe kwa mdomo. Tarehe ya mwisho ya wewe kutuma taarifa na tarehe ya wao kurudisha zitajwe zote mbili, maana bila ya kwanza kila ucheleweshaji utakuwa wako. Faini inayotokana na kosa lao wailipe wao, na mkataba ueleze namna ya kuthibitisha kosa ni la nani. Taarifa ziwe mali yako na zirudishwe katika faili linaloweza kusomeka, ndani ya siku zinazotajwa, mkataba unapokwisha. Sheria ya kazi inakutaka utunze kumbukumbu za mfanyakazi kwa miaka mitano baada ya ajira yake kwisha, na muda huo unaweza kuzidi maisha ya mkataba wako nao. La nne ni taarifa binafsi. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, wewe ni mkusanyaji na kampuni ya nje ni mchakataji, na wote mnahusika na usajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Uliza seva zao ziko nchi gani, kwa kuwa kusafirisha taarifa nje ya nchi kuna masharti yake. Na kama wanapendekeza orodha ya mishahara itumwe kwa WhatsApp, umeshapata jibu lako.

Fedha zina kanuni moja ambayo singeilegeza kwa bei yoyote: kodi na michango isipitie akaunti ya mtoa huduma. Wao waandae ritani na namba ya malipo ya serikali. Wewe ulipe kutoka benki yako na utunze stakabadhi. Makampuni mengi hukubali. Anayesisitiza kupokea fedha zote kwa mkupuo mmoja “ili kurahisisha” anakuachia wajibu wa kisheria huku akishika fedha zako.

Hatua ya saba: endesha sambamba kabla ya kuhama

Uamuzi wa kukabidhi usitekelezwe kwa mwezi mmoja. Kwa miezi miwili andaeni mishahara pande zote mbili kwa taarifa zilezile, mkilipa kwa hesabu ya ndani na kulinganisha mtu kwa mtu. Usilinganishe jumla peke yake: kosa la shilingi 20,000 linalozidi kwa mmoja na kupungua kwa mwingine hutoa jumla iliyo sawa. Kila tofauti ipewe maelezo yaliyoandikwa, na mara nyingi utagundua kwamba baadhi ya makosa yalikuwa yako ya miaka yote. Epuka kuanza Julai, na epuka Desemba, yenye sikukuu ambazo saa zake hulipwa mara mbili.

Baada ya kuhama, waombe wafanyakazi watatu wa idara tofauti wakague michango yao NSSF kila robo mwaka, nawe uangalie hali ya akaunti yako ya TRA kila mwezi. Ripoti ya mtoa huduma inakuambia alichofanya. Taarifa za mamlaka zinakuambia kilichofika.

Uamuzi wa kituo cha Mwanza

Kwa makosa 27 kati ya 31 kuwa ya taarifa, na VAT isiyorudi, kituo hiki kingebakiza kazi ndani na kutumia fedha mahali pengine. Saa zihesabiwe kuanzia tarehe 21 hadi tarehe 20 ya mwezi unaofuata, badala ya tarehe 1 hadi mwisho, ili mhasibu apate siku za kufanya kazi bila kukisia zamu za siku zilizobaki. Karatasi ya zamu isainiwe na muuguzi kiongozi kila Jumatatu, siyo mwisho wa mwezi, kwa kuwa hakuna anayekumbuka nani alimshikia nani zamu wiki tatu zilizopita. Isiyosainiwa kufikia tarehe 22 ilipwe mwezi unaofuata, na jina la idara iliyochelewesha lionekane kwenye ukurasa wa mkurugenzi. Fomu ya ajira mpya iwe na nafasi ya namba ya NIDA, namba ya NSSF na swali la mkopo wa elimu ya juu, na mtu asiingizwe kwenye orodha ikiwa nafasi hizo ni tupu.

Uamuzi huo ufunguliwe tena mambo fulani yakitokea. Mhasibu akiacha kazi kabla mtu wa pili hajaweza kuandaa mwezi mzima peke yake, kampuni ya nje iitwe mara moja, hata kwa mkataba wa miezi sita. Kituo kikifungua tawi Unguja, mfuko wa hifadhi wa huko ni ZSSF na taratibu zake ni nyingine, kwa hiyo tawi hilo laweza kukabidhiwa peke yake. Kikiajiri madaktari kutoka nje ya nchi, masuala ya ukaazi na kodi yao yatahitaji mtu anayeyajua. Na ikiwa baada ya miezi sita orodha mpya ya makosa itaonyesha kwamba ya taarifa yameshuka hadi matatu au manne huku ya hesabu na ucheleweshaji yakiwa palepale, basi safari hii kinachofeli ni nusu ya pili, na bei ya shilingi 9,000 kwa mfanyakazi iombwe upya.